Kitabu cha uwandani kilivyonionyesha makosa ya sentimita 10

Nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, tulipima miinuko kwa mzunguko wa mita 360, tukaanzia na kumalizia kwenye alama ileile. Kila mashine iliposimama, tulisoma namba kwenye fimbo ya vipimo iliyo nyuma, kisha iliyo mbele. Jumla ya masomo ya nyuma ilikuwa mita 5.812, ya mbele 5.708. Kwa mzunguko uliofungwa zilipaswa kulingana, lakini tulizidi kwa 0.104. Kiwango cha kosa tulichoruhusiwa kilikuwa milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita, yaani milimita 7.2 tu.

Nilijumlisha upya, hesabu ikawa sahihi. Basi kosa lilikuwa kwenye usomaji wenyewe. Tofauti iliyo karibu na 0.100 kamili huwa ni tarakimu moja iliyosomwa vibaya. Makosa madogomadogo hayajipangi hivyo.

Bahati njema, kila somo lilikuwa na nyuzi tatu, yaani mistari ya mlalo inayoonekana ndani ya darubini ya mashine, na zote tuliziandika. Wastani wa uzi wa juu na wa chini lazima ukaribiane na wa kati. Nikapitia kitabu mstari kwa mstari hadi somo moja la mbele: juu 1.768, chini 1.318, kati 1.443. Wastani ni 1.543!

Msimamizi alipokubali, nilikata 1.443 kwa mstari mmoja, nikaandika 1.543 juu yake na kuweka saini. Kufuta kwa raba ni mwiko, kwani namba ya awali ni ushahidi. Zilibaki milimita 4, nikazigawa kwa vituo vinne vya mashine: nikapunguza miinuko kwa 1, 2, 3, kisha 4. Tungesoma uzi wa kati pekee, ingebidi turudi kupima.