Kutoka Bloomsbury hadi Forest Hill: Kuyafuata Mabamba ya Benin

Nilipopata nafasi ya kupita London, nilimwomba shemeji yangu anayeishi huko anipeleke kwanza kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, mtaa wa Bloomsbury. Chumba cha Afrika kiko chini, nambari 25, na humo mabamba ya shaba ya ufalme wa Benin yamepachikwa kwenye nguzo nyembamba za chuma zilizosimamishwa wima, moja juu ya jingine, kiasi kwamba mtu huyatazama yote kwa pamoja kabla hajaliona hata moja. Ufalme huo ulikuwa katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Edo, kusini mwa Nigeria, wala si nchi jirani yenye jina hilohilo.

Mengi yalisubiwa katika karne ya 16, zama za Esigie, Oba yaani mfalme wa Benin, na mwanawe Orhogbua, na mafundi wa kifalme wa mtaa wa Igun, ambao walichonga sura kwa nta, wakaifunika kwa udongo, wakaiyeyusha nta na kumimina shaba mahali pake. Sehemu kubwa ya shaba hiyo ilitokana na vikuku vilivyoletwa na Wareno. Bamba moja lilituweka muda mrefu: linaonyesha lango la kasri lenyewe, chatu akiteremka kwenye paa, walinzi wamesimama, na nyuma yao nguzo zilizopambwa mabamba yenye vichwa vya Wareno wenye nywele ndefu. Yaani fundi amechora mabamba ndani ya bamba, na kwa hiyo ametuachia ushahidi wa mahali yalipokuwa yakikaa.

"Shemeji, haya matundu ni ya risasi?" aliniuliza, akionyesha kingo za bamba jingine. Hayakuwa ya risasi. Ni matundu ya misumari iliyoyashikilia kwenye nguzo za mbao, na mengine yametobolewa bila huruma, yakikata hata pambo la majani manne lililojaza usuli. Ukiyaona hayo, pamoja na kingo za pembeni zilizokunjwa kuelekea nyuma, unaelewa kwamba kila bamba lilikuwa na jirani yake. Cheo cha mtu husomwa kwa ukubwa wa umbo lake, kwa shanga za marijani zinazomfika kidevuni, kwa mkufu wa meno ya chui na kengele kifuani mwa mpiganaji. Lakini nani alifuata nani katika msafara, na tukio lipi lilitangulia, ni mambo yaliyosemwa na mpangilio wa nguzo.

Mpangilio huo ndio uliopotea. Waingereza walipouteka mji Februari 1897, mabamba yalikuwa yamekwisha kushushwa na kuhifadhiwa katika ghala la kasri, kwa hiyo lawama ya kuyatenganisha na nguzo si yao. Lawama yao ni kwamba waliyachukua mamia kwa mamia, wakampeleka Oba Ovonramwen uhamishoni Calabar, kisha shehena ikagawanywa na kuuzwa bila kuwauliza watu wa kasri waliokuwa bado wakiyajua. Nalo jumba la makumbusho likaongeza kosa: kati ya 1950 na 1972 liliuza au kubadilishana mabamba zaidi ya 30, mengi kwa Nigeria, kwa hoja kwamba yalikuwa nakala za yale yaliyobaki. Kumbe kufanana kulikuwa kwa makusudi, kwa kuwa mafundi walisubu mabamba mawili mawili ili yalingane kwenye nguzo. Leo jumba hilohilo linasema sheria ya 1963 inalizuia kuyatoa, sheria ambayo, ajabu yake, inaruhusu kuondoa nakala.

Kutoka hapo tulipanda treni hadi Forest Hill, kwenye Jumba la Makumbusho la Horniman. Hili halibanwi na sheria hiyo, na Novemba 2022 lilikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 72, yakiwamo mabamba 12, huku baadhi vikibaki London kwa mkopo. Kwa macho, kabati lenye kitu cha mkopo halitofautiani na kabati la jana. Tofauti ni kwamba sasa anayeomba ruhusa ni London. Nami nasema hilo si jambo dogo, ingawa shemeji aliguna.

Njiani kurudi alifungua kwenye simu tovuti ya Digital Benin, inayoorodhesha vitu zaidi ya 5,000 vilivyotawanyika katika nchi 20, nasi tukaanza kutafuta mabamba yanayofanana. Picha zilitosha kutuonyesha mavazi yaleyale na mkao uleule. Hazikutosha kutuambia kama kingo na matundu vinalingana, kwa sababu karibu zote zilipigwa kwa mbele, na uthibitisho huo unahitaji mabamba mawili yalazwe kwenye meza moja na kugeuzwa.