Kovu la shoga yangu

Wiki iliyopita nilipiga picha na shoga yangu, nikaihariri kabla ya kuiposti. Nilianza na mwanga tu. Kisha nikafuta chunusi moja shavuni mwake, na kwa kuwa brashi ilikuwa bado kidoleni, nikaipitisha na juu ya kovu la kwenye nyusi. Likatoweka mara moja. Nikampunguza na kiuno kidogo (changu pia, nisijifanye mwema).

Hakupiga simu. Alinitumia picha halisi na swali moja: "Kovu langu umelipeleka wapi?"

Kovu lile analo tangu utotoni na hajawahi kulificha. Chunusi ingeisha yenyewe, lakini kovu ni sura yake, na aliyeliona kasoro ni mimi. Kilichotuumbua mbele za watu ni kiuno: fremu ya mlango nyuma yake ilipinda kuingia ndani, maana zana ya kupunguza kiuno husogeza kila kilicho jirani, si mwili peke yake. Mtu akaandika, "Hata mlango umekonda!" Na aliyechekwa ni yeye, eti anajihariri.

Nilijitetea kwamba nilitaka apendeze. Akaniuliza, "Kwani nilikuwa sipendezi?" Sikuwa na jibu.

Nimeifuta, ingawa waliokwisha kuihifadhi wanayo. Siku hizi mwanga narekebisha mwenyewe, ila nikigusa uso au mwili wa mtu, namtumia picha zote mbili kwanza, ya awali na iliyohaririwa. Jana alichagua ya awali, pamoja na chunusi zake zote.