Niliisingizia chaja bure

Kwa wiki kama tatu simu yangu ilikuwa ikichomekwa usiku inapata moto kiasi kwamba ukiishika unaihamisha mkono huu kwenda ule. Kila niliyemweleza alinijibu kabla sijamaliza: "Ni hiyo chaja ya kasi, inakuulia betri." Fundi alisema hivyo, kaka yangu alisema hivyo, na mimi nikaamini. Leo nimeshajua chanzo chake, tena kwa kupima, na naandika kwa sababu ule ushauri ulinigharimu hela na usiku mwingi.

Kwanza nikaiweka pembeni chaja ya wati 33 iliyokuja na simu, nikanunua ya wati 10. Usiku wa kwanza nikajiona nimeshinda, maana dakika ishirini za mwanzo simu ilikuwa vuguvugu tu. Nikaenda kuoga, nikarudi, moto ni ule ule. Tofauti ni kwamba sasa ilihitaji saa tatu na zaidi kujaa, kwa hiyo ilikaa na joto muda mrefu kuliko zamani. Kaka akasema basi tatizo ni programu zilizo wazi, nipakie ya kusafisha. Nikapakia. Ikawa inazifunga programu kila baada ya dakika chache, nazo zinajifungua upya, na kila kufunguka ni kazi mpya kwa prosesa. Usiku ule simu ilikuwa ya moto kuliko siku zote, nikaifuta ile programu kabla ya kulala. Mtu wa tatu akanishauri niiweke kwenye friji ikiwa kwenye chaji. Hilo nilikataa, na wewe kataa: simu ikipozwa kwenye friji kisha ikarudi kwenye hewa ya joto, unyevu hugeuka matone ndani yake, na maji yakikutana na saketi yenye umeme simu inaweza kufa moja kwa moja.

Nikaamua kuacha kubahatisha. Betri ya simu ina kihisi cha joto, na simu ya Android inakusomea ukiwa na kompyuta yenye adb, programu ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta:

```
adb shell dumpsys battery
```

Hapa kuna mtego ulionipotezea jioni nzima. Ukiichomeka simu kwenye kompyuta ili uandike amri hiyo, simu inachaji kutoka kwenye kompyuta, kwa umeme mdogo, na unachopima si chaja yako. Iunganishe kwa waifai, chaja ibaki ukutani. Kama huna kompyuta, zipo programu ndogo zinazoonyesha joto la betri kwenye skrini, zinatosha. Kwenye majibu ya amri nilikuwa naangalia mstari mmoja tu:

```
temperature: 446
```

Hiyo ni sehemu za kumi za nyuzi, yaani 44.6 za selsiasi. Ndicho kilele nilichopata usiku wa kwanza wa kupima, nikiwa na chaja ya kasi, kava langu nene la raba, na simu nimeiacha kama ninavyoiacha kila siku. Kuanzia hapo kila usiku nilibadilisha kitu kimoja tu, nikianzia chaji asilimia 20 chumba kile kile. Nikivua kava, kilele kilishuka hadi 41.8. Nikirudisha kava na kuweka chaja ya wati 10, ilikuwa 42.0. Ona hapo: kuvua kava peke yake kulinisaidia kuliko ile chaja niliyoinunua. Na bado nyuzi 42 ni moto.

Kilichonifungua macho ni kitu kidogo. Usiku wa nne nilichomeka simu nikakaa nayo, skrini imezimwa. Kwa dakika tatu hivi ilikuwa shwari, kisha mgongo wake, juu karibu na kamera, ukaanza kupata moto haraka kuliko pale katikati betri ilipo. Kama moto ungekuwa unatoka kwenye betri, ungeanzia pale katikati. Kwenye simu yangu prosesa imekaa juu, chini ya kamera. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinafanya kazi, na kilisubiri nichomeke chaja ndipo kianze.

Nikafungua mipangilio ya betri nikatazama nani ametumia umeme usiku. Ilikuwa programu ya kuhifadhi picha mtandaoni. Niliiagiza mwenyewe, miezi kadhaa nyuma, ipandishe picha simu ikiwa kwenye chaji na waifai tu, nikidhani naihurumia betri. Kwenye foleni yake kulikuwa na video moja ya harusi, ndefu, ambayo kila usiku ilipunguzwa ukubwa, ikaanza kupanda, ikakwama, ikaanza upya. Kupunguza video ni kazi nzito mno kwa prosesa, na yangu ilikuwa inairudia mpaka asubuhi huku betri nayo inapokea chaji chini ya raba nene.

Programu nyingi zimepangwa hivyo hivyo: zinaahirisha kazi nzito mpaka simu iwe kwenye chaji. Ndiyo maana kuzifunga kwa kidole kabla ya kuchomeka hakusaidii kitu, zinaamshwa tena na mfumo wenyewe. Itafute hiyo yenye kazi iliyokwama, umalize kazi yake au uisimamishe. Mimi nilihamisha ile video kwenye kompyuta na kuiondoa kwenye foleni. Usiku huo, chaja ya kasi na kava likiwa limevaliwa: 39.5. Kava likivuliwa: 37.3.

Chaja ya kasi si kwamba haina joto. Inalo, lakini inasukuma umeme mwingi mwanzoni betri ikiwa tupu, na simu yenyewe inapunguza kadiri betri inavyojaa. Simu ikizidi moto inapunguza pia, na ndiyo sababu zamani yangu ilichukua zaidi ya saa mbili kujaa kwa chaja hiyo hiyo ambayo sasa inamaliza kwa saa moja na robo hivi. Ukiona muda wa kujaa unaongezeka ghafla, pima joto kabla ya kulaumu waya.

Lilibaki swali la betri: imeumia kiasi gani? Fundi aliniambia iko nzima kwa sababu majibu ya amri ile yanaonyesha `health: 2`. Namba hiyo inamaanisha betri haina hitilafu kwa wakati ule, wala haisemi imebaki na ujazo gani. Mstari wa kuangalia, kama simu yako inao, ni huu, ukisomwa simu ikiwa asilimia 100:

```
Charge counter: 4190000
```

Ondoa sifuri tatu za mwisho, unapata 4190 mAh. Betri yangu ikiwa mpya ni 5000, kwa hiyo imebaki kama asilimia 84. Nilisoma siku tatu tofauti, namba zikakaribiana, ndipo nikaziamini. Wenye iPhone wanaiona asilimia hiyo moja kwa moja kwenye mipangilio ya betri. Ikishuka chini ya 80 ndipo watu huanza kufikiria kubadilisha.

Kipimo kimoja nilikifanya kabla ya vyote, na hicho hakingoji namba. Vua kava, ilaze simu kifudifudi juu ya kioo, utazame mfuniko wa nyuma kwa ubavu. Ukiwa umetuna katikati, au skrini imeanza kuachana na fremu, betri imevimba. Hiyo usiichaji tena hata kwa wati 5, na usiiminye irudi. Yangu ilikuwa bapa, ndiyo maana niliendelea kupima.