Maoni manne juu ya video moja, na nilipoanzia kurekebisha

Hoteli niliyoomba kazi ya kutunza stoo ilitaka kila mwombaji ajirekodi video ya kujitambulisha isiyozidi dakika 2. Kabla ya kuituma nilimrushia dada yangu, ambaye ameshawahi kusaili watu kazini kwao. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, unaongea mbio, macho hayatulii, uso una giza, na mpaka mwisho sijajua huko stoo ulikuwa unafanya nini hasa."

Muda ulikuwa mdogo, kwa hiyo ilibidi nichague pa kuanzia. Niliitazama video nikiwa nimezima sauti, kisha nikailaza simu kifudifudi nikaisikiliza tu. Hapo nikaona kwamba mambo yenyewe si manne. Macho yalikuwa yanashuka upande mmoja kila mara, pale nilipoweka karatasi. Mbio nazo hazikuanzia mwanzoni. Zilianza nilipofika kwenye shule na kozi nilizosoma, kwa sababu nilitaka zote ziingie ndani ya dakika 2.

Basi nikaanza na maneno yenyewe. Shule na kozi nilizitoa, kwani zimo kwenye wasifu walioupokea. Mahali pake nikaweka kisa kimoja: stoo niliyofanyia kazi zamani, kila mwisho wa mwezi makreti ya soda yalikuwa pungufu kuliko leja. Nikaanza kuhesabu mzigo mbele ya dereva kabla ya kusaini, na pengo likaonekana palepale mlangoni. Yakabaki maneno kama 180, ninayoyasema kwa mwendo wangu wa kawaida na pumzi inabaki. Kasi sikuigusa tena.

Kamera haikunichukua muda. Dirisha lilikuwa mgongoni, na simu inapoona mwanga mkali nyuma huutia uso giza. Nikageuza kiti nilitazame dirisha. Simu niliiinua juu ya vitabu mpaka lenzi ikawa sawa na macho, nikatumia kamera ya nyuma ili nisishawishike kujiangalia. Badala ya karatasi nzima, nilibandika maneno matatu chini kidogo ya lenzi: makreti, dereva, leja. Macho yakatulia yenyewe.

Dada alitaka pia nitabasamu zaidi. Hilo nilikataa. Tabasamu la kujilazimisha huonekana, na mtunza stoo hapokei wageni. Ningekuwa naomba kazi ya mapokezi, hapo ningeanza na uso na sauti, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Sauti ikiwa inarudi mwangwi, kama chumba chenye vigae na kuta tupu, hapo pia mpangilio wangu haufai: tafuta kwanza chumba chenye mapazia na godoro.

Nilipomtumia ya pili, dada hakusema lolote juu ya macho wala mwanga. Aliuliza, "Sasa hayo makreti alikuwa anayachukua nani?"