"Zile" zipi?

Alhamisi usiku.

Ujumbe wa bosi uliingia saa tatu asubuhi: "Diski ya bakapu imejaa. Futa zile za zamani." Maneno machache tu, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kibodi, maana kazi hii nimeifanya mara nyingi.

Kwa mazoea, "za zamani" kwangu ni faili zilizopita siku 30. Basi nikaandika amri, lakini ya kuorodhesha tu, bila kufuta:

```
find /nakala -type f -mtime +30 -print
```

Zikatoka nne:

```
/nakala/kamili-03-01.tar
/nakala/nyongeza-03-02.tar
/nakala/nyongeza-03-03.tar
/nakala/nyongeza-03-04.tar
```

Nikaziangalia. Leo ni tarehe 4 Aprili, kwa hiyo hesabu ilikuwa sahihi. Kilichonishtua ni kwamba za Februari hazikuwemo, nami najua zimo kwenye diski ile ile. Nikakumbuka: tarehe 18 Machi nilizihamisha mwenyewe kutoka seva tuliyoistaafisha, kwa `cp -r` bila `-p`. Ukinakili hivyo, faili inapata tarehe ya siku iliyonakiliwa, na `-mtime` inasoma tarehe hiyo, haisomi jina. Mbele ya mashine, za Februari zilikuwa na umri wa siku 17 tu.

Na zile nne ndizo za kuogopwa. Sisi huchukua nakala kamili kila tarehe mosi, kisha kila usiku tunahifadhi kilichobadilika tangu usiku uliotangulia. Kurejesha data ni kuanza na ile kamili, halafu kufuata nyongeza moja baada ya nyingine. Ukiiondoa kamili ya Machi 1, zile nyongeza zote hadi Machi 31 zinabaki zikijaza diski bila kuweza kurudisha mfumo.

Nikajipa moyo kwamba ipo kamili ya Aprili. Kuiangalia, ni 11G, wakati ya Machi ni 84G. Diski ilijaa katikati ya kuandika, faili ikakatika, na tangu usiku huo hakuna bakapu iliyofanikiwa. Kwa maneno mengine, faili iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha yangu ya kufuta ndiyo nakala kamili pekee nzima ya seva yetu ya sasa. `rm` haina kikapu cha taka, wala `-delete`. Kuzisogeza kwenye folda nyingine ya diski ile ile kungekuwa salama, lakini kusingepunguza hata baiti moja.

Nikaurudia ujumbe wa bosi, neno kwa neno. "Zile" inaweza kuwa nakala, inaweza kuwa kumbukumbu za mfumo, zote ni ngeli moja. "Za zamani" inaweza kuwa kwa umri, kwa toleo, au za kitu cha zamani. Mwandishi alijua anachosema. Mimi ndiye niliyekuwa najaza pengo kwa mazoea yangu.

Sikumuuliza "Nifute kweli?" Swali hilo lingejibiwa "ndiyo" na tungebaki pale pale, kila mmoja na "zile" zake kichwani. Niliandika hivi:

"Bosi, nikifuata siku 30 zitaondoka nne, pamoja na kamili ya Machi 1. Ya Aprili imekatika, kwa hiyo tutabaki bila njia ya kurejesha seva. Au ulikusudia za Februari, zilizotoka seva ya zamani? Hizo ni faili 29, na zikiondoka nafasi ya nakala mpya itapatikana. Sifuti chochote hadi unijibu."

Jibu lilichukua dakika ishirini, na dakika hizo zilikuwa ndefu. "Za seva ya zamani, ndiyo. Zipo pia kwenye diski ya kabatini. Za Machi usiguse kabisa!"

Hata hapo sikukimbilia kufuta. Nilitoa diski ya kabatini, nikalinganisha faili zote 29 kwa `sha256sum`, zikafanana. Kisha nikaandika majina yao kwenye faili ya maandishi, nikamtumia bosi, na nikafuta kwa kufuata orodha ile ile aliyoiona. Sikutaka kutegemea `find` mara ya pili, kwa sababu kati ya kuuliza na kutenda kigezo kinaweza kukamata kitu kipya.

Tumekubaliana kazi ya kufuta iandikwe kwa jina la folda na tarehe za mwanzo na mwisho. Ile iliyokatika ya Aprili nimeiondoa baada ya kuuliza tena, na nimeanzisha kamili mpya. Ninapoandika haya imefika 52G, na sitalala hadi nione imekamilika na orodha yake inasomeka kwa `tar -tf`.