Kitambaa cha jikoni kilichokataa kuacha kunuka

Kitambaa cha kufutia meza kilinuka hata baada ya kulowekwa kwenye jiki. Kilichokuwa kinaimaliza nguvu ni mafuta na mabaki ya chakula. Sasa nakifua kwanza kwa sabuni, nakisuuza, ndipo nakiloweka dakika 5 kwenye maji baridi: kijiko kimoja cha chai cha jiki ya asilimia 3.5 kwa lita moja. Maji hayohayo, yaliyochanganywa siku ileile, namwagia sinki lililokwisha kusuguliwa. Siki au dawa ya kusafishia choo hazikaribii hapo. Zikichanganyika na jiki hutoa gesi ya sumu. Kitambaa kinaanikwa juani. Dodoki, ambalo ndani halikauki upesi, nalitupa kila wiki, au mapema likianza kuteleza.