Barua Isiyo na Mshtakiwa

Kazini kwetu bahasha ikitoka utumishi, mtu hujua kinachomjia: barua ya kujieleza, onyo, au mkataba umefika mwisho. Ndiyo maana leo nimeshinda na karatasi moja tu, nikiandika na kufuta. Nilitaka kuwaalika watu wawili wakae wazungumze, bila mmoja wao kuhisi ameitwa shaurini.

Wanaovutana ni mtunza stoo na mhasibu wetu msaidizi. Mwisho wa mwezi hesabu ya mifuko ya saruji haikulingana na vitabu. Mhasibu akamwandikia bosi barua pepe, nakala kwa mtunza stoo, akasema stoo ina upotevu. Mzee wa watu akaisoma kwamba ameitwa mwizi. Tangu siku hiyo hatoi mzigo mpaka mhasibu ashuke mwenyewe uani ashuhudie, na mhasibu naye hasaini karatasi ya kutolea mzigo mpaka aikague mara mbili. Malori yanapanga foleni, madereva wanapiga honi, na wao wawili wanaongea kupitia kwa vibarua.

Muundo wa barua za ofisini tunaujua wote. "Yah:" kwa herufi kubwa, "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na chini kabisa "unatakiwa kufika bila kukosa". Mwaliko wa usuluhishi ukivaa nguo hizo umekwisha kuharibika, maana mtu hatakiwi kufika, anaombwa, na ana haki ya kukataa. Nimeiacha "Yah:" kwa sababu bila hiyo mzee angeona ni kikaratasi tu, lakini "bila kukosa" nimeitoa.

Sentensi iliyonisumbua zaidi ni ile inayotaja jambo lenyewe. Ukiandika "malalamiko kuhusu upotevu wa saruji" umeshachukua upande wa mhasibu. Ukiandika "tuhuma zilizotolewa dhidi ya mtunza stoo" umechukua upande wa mzee, na hapohapo umemtia woga. Hata "ugomvi" ni hukumu. Mwishowe niliandika hivi:

"Nawaalika kuzungumza juu ya namna zinavyoripotiwa tofauti za hesabu ya stoo, na namna mnavyofanya kazi pamoja wakati wa kutoa mzigo."

Haina mvuto, najua, lakini kila mmoja anaweza kuisoma mbele ya mwenzake bila kusema "si kweli". Hicho ndicho kipimo ninachotumia: naisoma barua mara ya kwanza nikiwa mzee, mara ya pili nikiwa mhasibu, na neno litakalomfanya mmoja wao akunje uso linaondoka.

Mdomoni mtunza stoo namwita Mzee, na mhasibu namwita Dada. Kwenye barua wote ni Ndugu, majina yamepangwa kwa alfabeti, na nimesema wazi kwamba yamepangwa hivyo. Barua ni moja, nakala mbili zinazofanana neno kwa neno. Sikumpa mhudumu azizungushe na kile kitabu cha kusainia, kwa sababu kitabu hicho husomwa na kila anayesaini. Nimezipeleka mwenyewe, juu na kisha uani, ndani ya robo saa, asije mmoja akasikia habari kutoka kwa mwenzake.

Taratibu za kikao niliziweka chache. "Tuheshimiane" sikuiandika, maana kila mmoja angeisoma akijua inamhusu mwenzake. Niliandika vitu vinavyoonekana kwa macho: anayeongea anamaliza ndipo mwingine aanze, kila mtu anaeleza alichokiona, alichokisikia na kilivyomgusa, bila kueleza nia ya mwenzake, simu zinazimwa na hakuna kurekodi, yeyote anaweza kuomba mapumziko, kuomba kuzungumza nami peke yake, au kusitisha kikao, na kusitisha hakutaandikwa kwenye faili lake. Kabla ya kikao cha pamoja nitaonana na kila mmoja nusu saa, dakika zilezile kwa wote. Kikao chenyewe ni Jumatano saa tatu asubuhi, kwenye chumba cha mafunzo, si ofisini kwangu na si kwa bosi. Ijumaa niliikwepa kwa sababu mzee huenda msikitini, na nisingependa aongee huku akitazama saa.

Halafu siri. Rahisi ni kuandika "yote yatakayosemwa yatabaki siri", na wengi huandika hivyo. Mimi siwezi kuahidi hivyo. Tuseme mzee anataja kwamba kuna mtu anapitisha mifuko usiku, au dada anasema amekuwa akitishiwa. Nikinyamaza nimeikosea kampuni au nimemwacha mtu hatarini, na nikisema nimevunja ahadi yangu. Kwa hiyo mipaka nimeiandika kabla hawajaketi:

"Yatakayosemwa hayatatumika kama ushahidi katika hatua ya nidhamu, na sitayasimulia kwa mtu. Ahadi hii haihusu wizi, vitisho, unyanyasaji wa kijinsia, hatari kwa maisha ya mtu, au jambo ambalo sheria inalazimisha litolewe taarifa. Likitokea la namna hiyo, nitawaambia kwanza kabla ya kulipeleka popote."

Bosi hakuipenda. Alitaka ripoti, "hata ya ukurasa mmoja." Nilimweleza kwamba atapata mambo mawili: kikao kimefanyika au hakikufanyika, na makubaliano yaliyoandikwa kama wote wawili wameridhia ayaone. Ule upungufu wa mifuko una njia yake, yaani kuhesabu upya na mkaguzi, na hata kikao cha nidhamu kwa Kanuni za Utendaji Bora za 2007 ikibidi. Njia hizo mbili zikichanganywa, hakuna atakayefungua mdomo Jumatano. Alinung'unika, kisha akakubali niandike kwenye barua kwamba amekubali. Bila sentensi hiyo ahadi yangu ingekuwa ya mtu anayelipwa mshahara na huyohuyo bosi.

Nikaongeza aya juu yangu mimi. Mimi ndiye ninayeandaa barua za onyo, na chakula cha mchana mara nyingi nakula meza moja na mhasibu. Yote mawili nimeyaandika, na nimewaambia kwamba yeyote asiyeniona nafaa anaweza kumpendekeza mwingine, bila kutoa sababu. Pia nimeeleza kuwa hiki si kikao cha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maana mzee aliwahi kupitia huko na mwajiri wake wa zamani na angedhani ndiko tunakoelekea. Tume inashughulika na mwajiri na mwajiriwa, na usuluhishi wake una siku 30 za kisheria. Hapa ni wafanyakazi wawili na karatasi za kutolea mzigo.

Mzee ameisoma amesimama, miwani puani, akarudia ile aya ya taratibu kwa kidole. "Hii ya kusitisha, mwanangu, ni kweli?" Nikamwambia ni kweli, hata akisitisha dakika ya tano. Akaikunja akaitia mfuko wa shati, hakusema anakuja wala haji. Nimewapa mpaka Jumatatu jioni wanijibu, kwa mdomo inatosha.

Mhasibu ameshanijibu kwa meseji: yuko tayari, ila anauliza daftari nitakaloandikia litakwenda wapi baada ya kikao. Swali zuri, na barua haikulijibu. Jibu ni kwamba kurasa hizo zitachanwa mbele yao wote wawili, kitabaki kile watakachosaini tu. Sijamtumia bado. Kesho asubuhi nitaliandika kwenye karatasi, nakala mbili, na mzee apate yake ingawa hakuuliza.